Kwa nini saluni nzuri ina viti vitupu

Pita mtaa wowote wenye saluni tano au sita na utakuta mambo matatu ambayo kwa haraka hayapatani. Bei ya kusuka kichwa kimoja iko juu sana kuliko gharama ya vifaa na malipo ya msusi kwa kichwa hicho. Viti vingi, siku nyingi, havina mtu. Na mwenye saluni, ukimpata faragha, atakuambia hapati faida ya maana. Bei nzuri, viti vitupu, faida hakuna.

Watu huwa na majibu ya haraka. Mmoja atasema mwenye saluni hajui kuendesha biashara. Mwingine atasema ashushe bei, viti vijae. Wa tatu atasema saluni zimezidi. Kwa maoni yangu wa kwanza amekosea, wa pili amekosea zaidi, na wa tatu amepatia nusu tu. Hali hiyo ya mambo matatu kukaa pamoja ndiyo hasa inayotarajiwa pale wauzaji wengi wanapouza vitu vinavyokaribiana lakini visivyofanana, na mlango wa kuingia katika biashara uko wazi. Wachumi wanauita ushindani wa kiukiritimba. Mmarekani Edward Chamberlin aliuchambua mwaka 1933, na mwaka huohuo Joan Robinson wa Cambridge alitoa uchambuzi wake kuhusu soko lenye ushindani usiokamilika.

Sehemu ya ushindani katika jina hilo ni rahisi kuiona: saluni ni nyingi, na kufungua nyingine hakuhitaji mtaji wa kiwanda. Sehemu ya ukiritimba ndiyo inayohitaji kuangaliwa kwa karibu. Hakuna anayehodhi nywele zote za mtaa. Lakini kila saluni inahodhi kitu chake kidogo: mkono wa msusi fulani, umbali wa hatua chache kutoka kwa mteja fulani, kufungua mapema kuliko wengine, utulivu, au uzoefu wa kuweka dawa bila kuunguza ngozi. Mteja ambaye msusi wake anajua kwamba nywele zake za mbele hazitaki kuvutwa hatahama kwa sababu jirani ameshusha bei kidogo. Akishusha sana, atahama. Katika nafasi hiyo kati ya kidogo na sana ndimo mwenye saluni anamopangia bei yake.

Tuifanyie hesabu. Sitataja sarafu yoyote. Msomaji aweke ya kwake. Chukua saluni yenye viti vitatu. Kila kiti kinaweza kuhudumia vichwa vinne kwa siku, na kwa siku 25 za kazi hiyo ni vichwa 300 kwa mwezi. Kila mwezi, mteja aje asije, mwenye saluni analipa 4,500: pango, umeme wa msingi, kuchakaa kwa madraya, leseni, na mshahara wake mwenyewe. Kila kichwa kinachokaa kitini kinaongeza gharama ya 20, yaani shampuu, mafuta, maji, na malipo ya msusi kwa kazi hiyo.

Nisisitize hapo kwenye mshahara wake mwenyewe, maana wengi huuruka. Kama angeweza kuajiriwa kwingine kama msusi mkuu na kulipwa 1,500, basi hiyo 1,500 ni gharama ya saluni yake hata kama hakuna anayemwandikia hundi. Kwa hiyo ninaposema faida ni sifuri simaanishi analala njaa. Namaanisha anapata kile ambacho angekipata kwingine, bila ziada. Mwenye saluni asiyejihesabia mshahara anaweza kudhani anapata faida miaka kadhaa, kumbe anajilipa pungufu ya anavyomlipa mwajiriwa wake.

Mwanzoni mtaa una saluni tatu za namna hii. Kila moja imegundua, kwa kujaribu, kwamba bei ya 60 ndiyo inayomfaa zaidi. Kwa bei hiyo kila moja inapata vichwa 200 kwa mwezi. Mapato ni 12,000. Gharama ni 4,500 pamoja na 20 mara 200, jumla 8,500. Inabaki 3,500, na hiyo ni faida halisi, juu ya mshahara wa mwenye saluni.

Faida kama hiyo haifichiki. Wa kwanza kuiona kwa kawaida ni msusi aliyeajiriwa humohumo ndani. Anajua ni vichwa vingapi vimekaa leo, anajua bei, anajua analipwa kiasi gani, na kujumlisha anajua. Anatafuta chumba, anakodi, anaweka viti vitatu, anafungua saluni ya nne.

Nywele za mtaa hazikui haraka zaidi kwa sababu saluni imeongezeka. Vichwa bado ni 600 kwa mwezi, ila sasa wanagawana wanne. Zile saluni tatu za zamani zikishikilia bei ya 60 wakati mgeni anatoza pungufu, kila moja itabaki na vichwa 100 hivi na kuingia hasara ya 500. Kwa hiyo zinashuka. Mara nyingi hazibadilishi bei ubaoni. Kusafisha nywele kunakuwa bure, au mteja wa zamani anapunguziwa. Mambo yakitulia, bei halisi ni 50 na kila saluni ina vichwa 150. Mapato ni 7,500. Gharama ni 4,500 na 3,000, jumla 7,500. Faida imekwisha, na hakuna wa tano anayevutiwa kuingia.

Angalia njia mbili ambazo faida imepotelea. Bei imeshuka kutoka 60 hadi 50, hilo kila mtu analiona. Lakini pia gharama ya wastani ya kichwa imepanda, kutoka 42.5 hadi 50, kwa sababu pango lilelile sasa linabebwa na vichwa vichache zaidi. Ndiyo maana mwenye saluni husema kila kitu kimepanda hata pale ambapo mwenye nyumba hajaongeza senti. Ana haki ya kuhisi hivyo, ila sababu yake haiko kwenye pango. Iko kwenye idadi ya vichwa.

Na viti? Vichwa 150 katika saluni yenye uwezo wa 300 ni nusu. Kila kiti kinapata vichwa viwili kwa siku badala ya vinne. Kama saluni ingejaa, gharama ya wastani ingekuwa 35 tu: pango na mengine yangechukua 15 kwa kichwa, na kazi yenyewe 20. Pengo hilo kati ya 50 na 35 ndilo linalomfanya mshauri wa pili aseme ashushe bei ajaze viti.

Tumfuate basi. Mwenye saluni ashushe bei hadi 45, wenzake wabaki kwenye 50. Atavuta wateja walio karibu kuhama na kufikisha vichwa 175. Juu ya gharama ya kila kichwa anabakiwa na 25, mara 175 ni 4,375. Anahitaji 4,500. Amefanya kazi zaidi na kupoteza 125. Ashushe hadi 35, bei ambayo ingetosha kama viti vingejaa. Hapo anapata vichwa 225, maana hata kwa bei hiyo wapo wasiotaka kuachana na msusi wao wa upande wa pili. Ziada ya 15 mara 225 ni 3,375; hasara ni 1,125. Viti havijajaa na pesa imepungua. Upande wa pili hali ni hiyohiyo: akipandisha hadi 55 atabaki na vichwa 125, ziada 35, jumla 4,375, hasara 125 tena. Bei ya 50 ndiyo pekee inayomwacha amesimama. Hakuichagua kwa uzembe. Ndipo mahali pekee ambapo wateja wake, kwa wingi wao na uaminifu wao, wanaweza kulipia gharama zake.

Na hapo nimefikiri wenzake wamekaa kimya, jambo ambalo halitokei. Wote wanne wakifika 45, hakuna anayemnyang'anya mwenzake mteja. Kila mmoja anabaki na vichwa vyake 150, kwa ziada ya 25, yaani 3,750. Hasara ni 750 kwa kila saluni. Chamberlin alilitenganisha jambo hili kwa uangalifu: wateja unaowaona mbele yako unapofikiria kushusha bei peke yako ni wengi kuliko utakaowapata mtaa mzima ukishusha pamoja nawe. Punguzo la bei la mwezi wa kwanza hupendeza kwa sababu hiyo, na la mwezi wa tatu huudhi kwa sababu hiyohiyo.

Kabla ya kuendelea, lazima niipunguzie hoja yangu uzito. Si kila kiti kitupu ni cha aina hii. Mtu anayepita Jumanne asubuhi akaona viti viwili havina mtu anaweza kuwa anaona saluni iliyopangwa vizuri kabisa, kwa sababu kiti cha tatu kilinunuliwa kwa ajili ya Jumamosi. Nywele hutengenezwa kabla ya harusi, kabla ya sikukuu, mwishoni mwa juma; hazijigawi sawa katika siku. Kiti hicho hakiwezi kukopeshwa Jumanne kikarudi Jumamosi.

Njia ya kutofautisha ni kuangalia siku zenye msongamano. Kama Jumamosi watu wanasubiri kwenye benchi, utupu wa Jumanne ni suala la ratiba, na bei ya chini kwa siku za katikati inaweza kusaidia. Mteja yeyote wa Jumanne anayelipa zaidi ya 20 na ambaye asingekuja kabisa ni nyongeza halisi. Shida ni yule ambaye angekuja Jumamosi na kulipa 50, sasa anahamia Jumanne kwa 35. Huyo amekupunguzia 15, labda kama nafasi yake ya Jumamosi ilichukuliwa na mwingine aliyekuwa akirudishwa mlangoni. Lakini kama hata Jumamosi kuna kiti kimekaa na vumbi, huo ndio utupu ninaouzungumzia, na ratiba haiutibu.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya uchumi hulipita haraka, na kwa saluni nadhani ni kubwa kuliko yote. Tunasema saluni inatofautiana na nyingine. Lakini tofauti hiyo inakaa wapi hasa? Kioo, kiti na rangi ya ukuta vinanunulika na jirani atavinunua. Kinachomfanya mteja avumilie bei ya juu kidogo ni mkono wa mtu. Na mkono huo una miguu. Msusi mwenye wateja 40 wanaomfuata akiondoka, saluni haipotezi mfanyakazi tu, inapoteza sehemu ya kile kilichoiwezesha kutoza 50 badala ya 35. Msusi huyo akilijua hilo, na hulijua, atadai alipwe zaidi kwa kila kichwa. Gharama ya 20 inapanda hadi 25 au 30, na ile ziada inahamia mfukoni mwake.

Ndiyo maana saluni mbili zenye bei moja na wateja sawa zinaweza kuwa na wamiliki wenye hali tofauti kabisa. Kule ambako mmiliki mwenyewe ndiye mkono unaotafutwa, ziada inabaki nyumbani. Kule ambako mmiliki ni mtu wa mtaji tu aliyeajiri mabingwa watatu, ukiritimba ule mdogo ni wao, yeye ana chumba na viti. Nikiulizwa na mtu anayetaka kuweka akiba yake kwenye saluni bila kujua kusuka, swali langu la kwanza ni hili: mteja akipiga simu kuweka miadi, anapiga namba ya saluni au ya msusi?

Turudi kwa mshauri wa tatu, anayesema saluni zimezidi. Mfano wetu unaweza kumjibu kwa namba. Kabla ya saluni ya nne, zile tatu zilikuwa na faida ya 3,500 kila moja, jumla 10,500 kwa mwezi. Sasa faida hiyo haipo. Imekwenda wapi? Wateja wa vichwa 600 wanalipa 10 pungufu kila mmoja, hiyo ni 6,000 iliyobaki mifukoni mwao. Zilizobaki 4,500 zimekwenda kulipia chumba cha nne, madraya ya nne, na muda wa mmiliki wa nne. Vichwa ni vilevile 600, ambavyo saluni mbili zilizojaa zingevihudumia.

Kwa hiyo swali si kama saluni ya nne imepunguza faida za wenzake. Kunyang'anyana wateja ni kuhamisha pesa, si kuiteketeza. Swali ni kama ile 4,500 ya gharama mpya imewanunulia watu kitu. Igawe kwa vichwa 600 utapata 7.5 kwa kila kichwa. Kama mgeni amekuja na kitu ambacho hakikuwapo, tuseme anatunza nywele asilia zisizo na dawa, au anafungua alfajiri kwa wanaokwenda kazini, au yuko upande wa mtaa ambao watu walikuwa wakitembea mbali, basi 7.5 inaweza kuwa bei ndogo. Kama amefungua mlango wa pili kutoka kwa alikokuwa ameajiriwa, anasuka mitindo ileile kwa saa zilezile, basi sehemu kubwa ya 4,500 imelipia nakala.

Mwaka 1986 wachumi Gregory Mankiw na Michael Whinston walionyesha kwa nini soko huru linaweza kukosea hapa. Anayeingia hupiga hesabu ya wateja atakaowapata, wakiwemo aliowachukua kwa jirani, na kwake wote ni mapato. Haoni hasara ya jirani kama gharama yake. Hilo linasukuma waingie wengi kupita kiasi. Upande mwingine, akileta kitu kipya kabisa, hawezi kumtoza kila mteja thamani yote anayoipata, na hilo linasukuma waingie wachache kupita kiasi. Miaka tisa kabla yao, Avinash Dixit na Joseph Stiglitz walikuwa wameonyesha kwamba matokeo yanategemea jinsi watu wanavyothamini tofauti zenyewe. Hakuna jibu moja la mitaa yote. Mimi naona kwenye saluni kishawishi cha kunakili kina nguvu zaidi, kwa sababu anayeingia mara nyingi ametoka kwenye saluni iliyopo na anachokijua vizuri ni kile alichokuwa akikifanya humo.

Pamoja na hayo, sikubaliani na wanaotaka idadi ya saluni iwekewe kikomo. Ukisema ni tatu tu, bei inabaki 60 na kila mmiliki anashika 3,500 yake. Haraka sana nafasi yenyewe ya kuwa mmoja wa watatu inakuwa mali: anayetaka kuingia atainunua kwa anayetoka, na atailipa kwa ile faida aliyokuwa akiitarajia. Aliyefaidi ni aliyekuwapo siku ya kwanza, na mteja anaendelea kulipa 60. Tena ofisi inayotoa vibali haina njia ya kujua ni yupi kati ya waombaji atakayeleta kitu kipya na ni yupi atakayenakili. Kudhibiti usafi wa vifaa na kemikali zinazowekwa kichwani ni jambo tofauti, na nalikubali.

Kinachonivutia zaidi ni pale wenyewe wanapopunguza ule utupu bila kufuta tofauti. Kukodisha kiti ni njia mojawapo. Mmiliki wetu ana viti vitatu na kazi ya kiti kimoja na nusu. Akimpa kimoja msusi wa kujitegemea kwa 1,000 kwa mwezi, msusi mwenye wateja wake na mtindo ambao nyumba hiyo haina, gharama anayopaswa kuilipa kwa vichwa vyake inashuka kutoka 4,500 hadi 3,500. Vichwa vyake 150 bado vinatosha kwenye viti viwili vilivyobaki, vyenye uwezo wa 200. Na msusi yule amepata mahali pa kufanyia kazi bila kuongeza chumba cha tano mtaani. Mkono wake umebaki wake, bei yake anaipanga mwenyewe.

Masharti yapo. Kama wateja wa mpangaji wanatoka kwenye vile vichwa 150, kodi ya 1,000 inalipwa na ziada ya 30 kwa kila anayehama. Wakihama 34, mmiliki amerudi nyuma. Jumamosi viti viwili vinaweza kuwa vichache. Na mbinu hii ikifanikiwa, zile saluni nyingine tatu zitaiona kama zilivyoona kila kitu kingine. Zote zikiwa na mpangaji, kila moja itakuwa na faida ya 1,000 ambayo msusi fulani aliyeajiriwa ataijumlisha kichwani, na hesabu ya kuingia itaanza upya, safari hii kwa gharama ya 3,500 mahali pa 4,500.